Milioni 72 za kupunguzwa kazi: je, ziingie zote bandani?

*"Nina miaka 47, naishi Kibaha na mke wangu na watoto watatu, wawili bado wanasoma. Kampuni ya mawasiliano niliyoitumikia miaka 11 imepunguza watu na mimi nimo. Mshahara ulikuwa milioni 3.6, mkononi 2.4. Baada ya kodi na kumaliza mkopo wa benki nimebaki na milioni 72. Tumejibana mpaka matumizi ya milioni 1.2 kwa mwezi, ada ikiwamo. Mke ana duka linaloleta kama laki tano. Shemeji anafuga kuku wa mayai na ananishauri tujenge banda la kuku 2,000 kwa milioni 55. Anasema hela ikikaa benki inaliwa na mfumuko wa bei. Mimi nataka hii hela initunze miaka, siyo mwaka. Nifanyeje?"*

Pole sana, ndugu yangu. Na hongera kwa mambo mawili uliyokwisha kuyafanya kabla ya kuniandikia: umemaliza mkopo na umejua nyumba yako inakula kiasi gani kwa mwezi. Wengi wanaokuja kwangu na fedha za kupunguzwa kazi hawaijui hiyo namba ya pili, na bila hiyo hakuna hesabu inayoweza kuanza.

Shemeji yako amesema kweli nusu. Fedha iliyolala kwenye akaunti ya kawaida ya akiba hupoteza nguvu kila mwaka, maana riba yake ni ndogo kuliko bei zinavyopanda. Lakini baina ya akaunti ya akiba na banda la kuku 2,000 pana nafasi pana, na watu wengi wanairuka hiyo nafasi kwa sababu tu hakuna aliyewaonesha. Dawa ya mfumuko wa bei si lazima iwe mradi. Yaweza kuwa sehemu nyingine ya kuiweka fedha hiyohiyo.

Tuanze na swali lako la msingi, yaani miaka. Nitatumia makisio mawili ya kuhesabia tu, nawe unaweza kuyabadilisha: kwamba fedha yako inazalisha asilimia 10 kwa mwaka kwa wastani, na kwamba matumizi yako yanapanda asilimia 4 kila mwaka kwa ajili ya bei. Ukichota milioni 1.2 kila mwezi kutoka kwenye milioni 72, na kila mwaka ukaongeza kidogo ili uendelee kununua kilekile, fedha inadumu karibu miaka 6. Ukichota laki saba, yaani duka la mke wako likabeba laki tano zilizobaki, inafika karibu miaka 12. Ukichota laki tano tu, inafika miaka 20.

Zitazame namba hizo tena. Kutoka milioni 1.2 hadi laki saba umepunguza uchotaji kwa chini ya nusu, lakini umri wa fedha umekuwa maradufu. Sababu ni kwamba kila shilingi usiyoichota mwezi huu inabaki inazalisha, na inachozalisha nacho kinazalisha. Ndiyo maana duka la mke wako, ambalo umelitaja kwa sentensi moja kama jambo dogo, ndilo mhimili wa mpango huu wote. Laki tano za duka kila mwezi zinaifanyia hii milioni 72 kazi ambayo asilimia mbili au tatu za riba ya ziada haziwezi kuifanya. Kabla ya kuku, kabla ya hatifungani, kaeni chini mlifungulie duka hilo daftari: linaingiza nini mwezi wa Januari, nini mwezi wa Juni, na kama laki tano ni faida au ni mauzo ambayo mtaji unaliwa ndani yake. Kama ni mauzo, hesabu yote hapo juu inahama.

Jambo la pili ambalo watu hulisahau ni kwamba fedha hii haihitaji kudumu milele. Inahitaji kuwa daraja mpaka pensheni ya NSSF. Umechangia miaka 11, ambayo ni miezi 132. Pensheni ya uzee inataka walau miezi 180 ya michango, na unaweza kustaafu kwa hiari ukiwa na miaka 55 au kwa lazima ukiwa na 60. Umebakiza miezi 48. Miezi 48 si mingi, lakini bila hiyo huna pensheni ya kila mwezi. NSSF inapokea michango ya watu waliojiajiri, kwa hiyo unaweza kuendelea kuchangia mwenyewe kutoka kwenye duka au shughuli nyingine yoyote. Usianze bila kuuliza dirishani jambo moja: kiasi utakachochangia sasa kitaathiri vipi kikokotoo chako, kwa sababu pensheni hukokotolewa kwa wastani wa kipato ulichochangia, na mchango mdogo sana katika miaka ya mwisho unaweza kuuvuta wastani huo chini. Waambie wakufanyie hesabu mbili kwenye karatasi, moja ya kuchangia mapema na nyingine ya kuchelewa.

Ukiwa NSSF, omba pia fao la kukosa ajira. Kwa mwanachama aliyechangia walau miezi 18, ambaye kazi imekoma bila yeye kuacha mwenyewe, fao hilo ni theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6. Kwa mshahara wako inakuja karibu milioni 1.2 kwa mwezi, sawa na matumizi yako yote. Maana yake ni kwamba kwa nusu mwaka huna haja ya kuigusa ile milioni 72 kabisa. Hiyo nusu mwaka ndiyo muda wako wa kufikiri. Mtu aliyepunguzwa kazi hana shida ya akili, ana shida ya haraka: anaona salio kubwa, anaona siku tupu, na kila mgeni anayepita sebuleni anakuja na mradi.

Sasa kuku. Mimi sina ugomvi na kuku wa mayai. Ninawajua watu wanaosomesha watoto kwa mayai. Nina ugomvi na kuku 2,000 wa kwanza wa mtu ambaye hajawahi kufuga 200, wanaonunuliwa kwa robo tatu ya fedha zake zote. Acha nikuoneshe pale mradi huo unapokaza, kwa bei za mfano ambazo wewe utaziweka sawa na za Kibaha leo.

Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Mpaka hapo kila mmoja amekula kama kilo 7 za chakula. Kuku 2,000 ni tani 14, na kwa shilingi 1,100 kwa kilo hiyo ni milioni 15 na ushee iliyokwisha kuliwa kabla ya yai la kwanza. Ongeza banda, vifaranga, chanjo na kibarua, utaona milioni 55 za shemeji si uongo. Lakini katika hesabu yake kuna kitu hakimo: chakula cha nyumba yako katika miezi hiyo mitano. Kuku hawajaanza kulipa, na watoto hawajaacha kula.

Halafu wanaanza kutaga. Kuku anayetaga hula kama gramu 115 kwa siku, kwa hiyo banda zima linakula kilo 230, ambazo ni shilingi 253,000 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Wakitaga kwa asilimia 80, unaokota mayai 1,600, yaani trei 53. Ukiuza trei kwa shilingi 7,000 unapata 371,000. Tofauti ni kama laki moja na ishirini kwa siku, zaidi ya milioni 3.5 kwa mwezi kabla ya dawa na mshahara wa kibarua. Hii ndiyo picha aliyoiona shemeji, na ni picha nzuri kwelikweli.

Sasa sogeza bei mbili tu. Trei ishuke hadi 6,000, kama inavyotokea mayai yanapojaa sokoni, na bei ya chakula ipande kwa asilimia 10, kama inavyopanda mahindi au mashudu yakiadimika. Mapato yanakuwa 318,000 kwa siku na chakula kinakuwa kama 278,000. Umebaki na elfu arobaini, milioni 1.2 kwa mwezi, na hapo hujamlipa kibarua, hujanunua vitamini, hujahesabu waliokufa. Bei zote mbili ziko mikononi mwa watu wengine. Wewe umekaa katikati, na ile nafasi ya katikati ndiyo mshahara wako. Bado hatujataja kideri, ambacho banda lisilochanjwa ipasavyo hulifagia kwa siku chache. Wala hatujataja kwamba kuku hao wakifika mwaka mmoja na nusu hivi utagaji unashuka na inabidi uwauze na kuanza upya. Mfugaji anayejua kazi yake hutenga kila mwezi fedha ya kundi linalofuata. Asiyejua huila kama faida, na siku ya kununua vifaranga vipya anarudi benki kukopa.

Mfugaji mwenye mshahara au pensheni akipata mwezi wa elfu arobaini kwa siku anavumilia mpaka bei zirudi. Wewe usingeweza kuvumilia, kwa sababu banda lingekuwa ndilo linalolipa ada. Ungeanza kupunguza chakula, utagaji ungeshuka, na hapo ndipo miradi ya namna hii hufia. Mara nyingi inakufa kwa kukosa akiba ya miezi mitatu, hata pale ambapo wazo lenyewe lilikuwa zuri.

Ushauri wangu basi ni kuigawa milioni 72 katika mafungu matatu yenye kazi tofauti, na kutoruhusu fungu moja lichukue kazi ya jingine.

Fungu la kwanza, tuseme milioni 14, ni la mshahara wa karibuni. Liweke mahali unapoweza kulichota ndani ya siku chache za kazi bila kupoteza kitu. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ulianzishwa kwa kazi ya namna hiyo: unanunua vipande, yaani sehemu ndogo za mfuko, fedha inawekezwa zaidi kwenye amana za benki na dhamana za muda mfupi, thamani ya kipande inatangazwa kila siku ya kazi, na unauza vipande vichache kila unapohitaji. Kampuni nyingine zilizosajiliwa nazo zina mifuko ya aina hiyo. Watu huniambia UTT ni ya serikali kwa hiyo fedha imedhaminiwa. Hapana. Mfuko wa pamoja hautoi dhamana ya faida, na thamani ya kipande inaweza kupanda polepole, kusimama au kushuka. Kinachokulinda ni kwamba mali za mfuko hutunzwa na benki mwangalizi, tofauti na mali za meneja, na kwamba Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMSA, inausimamia. Ukiipendelea amana ya muda maalumu ya benki badala yake, kumbuka riba yake hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, hivyo asilimia 9 iliyoandikwa kwenye tangazo inafika mkononi kama 8.1. Na ukiivunja kabla ya muda, sehemu ya riba hubaki benki.

Fungu la pili ndilo kubwa: milioni 50 kwenye hatifungani za serikali. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pana mazoea mengi mabaya.

Hatifungani ni wewe kuikopesha serikali kwa miaka iliyotajwa. Kila baada ya miezi 6 inakulipa kuponi, na mwisho wa muda inakurudishia ulichokopesha. Zipo za miaka 2, 5, 7, 10, 15, 20 na 25. Si za matajiri peke yao. Mtu anaanza na milioni 1. Kuponi za hatifungani za muda mrefu hazikatwi kodi ya zuio. Unafungua akaunti ya hatifungani kupitia benki ya biashara au dalali wa soko la hisa, kisha unaomba katika mnada wa Benki Kuu. Mtu wa kiasi chako huomba bila kutaja bei, naye hupewa kwa bei ya wastani ya walioshinda. Kalenda ya minada hutangazwa mapema, kwa hiyo unajua mwezi gani inakuja ya miaka mingapi. Ikikupita, zilizokwisha kutolewa zinauzwa na kununuliwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam kupitia madalali haohao.

Kosa la kwanza la wageni ni kuangalia kuponi bila kuangalia bei. Ukisikia "hii inatoa asilimia 12", uliza: "kwa bei gani kwa kila mia?" Kama bei ni 108, unalipa 108 ili upate 12 kwa mwaka, na hapo unachopata ni kama asilimia 11. Tena mwisho utarudishiwa 100, si 108. Kama bei ni 95, mambo yanageuka kukufaa. Dalali mwaminifu atakutajia faida halisi mpaka ukomo bila kuombwa mara mbili.

Kosa la pili ni kukimbilia ya miaka 25 kwa sababu ndiyo yenye kuponi kubwa. Ya miaka 25 inaiva ukiwa na miaka 72. Ukihitaji fedha kabla ya hapo utaiuza sokoni kwa bei ya siku hiyo, na bei huenda kinyume cha riba. Mwaka 2022 ulitupa mfano wa upande mzuri: mwezi Aprili serikali ilishusha kuponi ya hatifungani mpya za miaka 20 kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10, na za miaka 25 kutoka 15.95 hadi 12.56. Waliokuwa na zile za zamani wakajikuta wameshika mali inayotafutwa, na bei yake ikapanda. Riba zikipanda, kinachotokea ni kinyume chake, na kadiri miaka iliyobaki inavyokuwa mingi ndivyo bei inavyoyumba zaidi. Mwenye kushikilia mpaka mwisho hayumbi, maana yeye hauzi. Kwa hiyo zigawe ziive kwa zamu: tuseme milioni 20 ya miaka 5, milioni 15 ya miaka 10 na milioni 15 ya miaka 15 au 20, kwa kufuata minada itakavyokuja. Jaribu pia zisiwe zote za mwezi mmoja. Ukiwa na moja inayolipa Januari na Julai, nyingine Machi na Septemba, na nyingine Mei na Novemba, kuponi inaingia kila baada ya miezi miwili badala ya kukaa nusu mwaka ukingoja.

Hebu tuiendeshe hesabu. Milioni 50 zikilipa wastani wa asilimia 11.5 ni milioni 5.75 kwa mwaka, karibu laki nne na themanini kwa mwezi. Unachota laki saba, kwa hiyo mfuko wa ukwasi unajazia laki mbili na ishirini. Kila mwaka bei zinapanda, kuponi haipandi, na pengo linakua. Kwa kasi hiyo milioni 14, pamoja na faida yake, inakufikisha kama miaka 5. Hapo ndipo ile hatifungani ya muda mfupi inaiva na kuujaza mfuko upya, na unaanza duru ya pili. Kwa ujumla milioni 64 za mafungu haya mawili, hatifungani zilizobaki zikiuzwa sokoni mfuko unapokauka tena, zinakubeba kama miaka 10, mpaka ufike miaka 57. Ile nusu mwaka ya fao la NSSF inaongeza kidogo. Sikuahidi zaidi ya hapo. Fedha hii haiwezi kurudisha mshahara wa milioni 2.4, na mtu yeyote atakayekuambia inaweza ana kitu anachouza.

Kama minada na madalali vinakuchosha, upo Mfuko wa Hatifungani wa UTT, ambao kwa uwekezaji wa kuanzia milioni 10 una mpango wa kukulipa kila mwezi. Gharama yake ni kwamba meneja anachukua ada na wewe huchagui tarehe ya kuiva. Kwa mjane au mzee asiyetaka shughuli za makaratasi huwa naupendekeza bila kusita. Kwa mtu wa miaka 47 aliyezoea kompyuta, kushika hatifungani mwenyewe kuna faida. Kama imani yako haikuruhusu riba, usilazimishe. Ipo mifuko iliyosajiliwa inayofuata misingi ya Kiislamu, na mgawanyo wa mafungu unabaki uleule ingawa mapato yake hayatabiriki kama kuponi.

Fungu la tatu ni milioni 8, na hili ndilo la shemeji. Anza na kuku 200, si 2,000. Au tumia sehemu yake kuongeza bidhaa zinazotoka haraka dukani kwa mke wako, ambako tayari kuna wateja na uzoefu. Ukichagua kuku, fuga kundi moja kutoka kifaranga mpaka kuuzwa kwa nyama, andika kila gunia la chakula, kila trei na bei yake, kila kuku aliyekufa na sababu. Baada ya mwaka na nusu utakuwa na daftari ambalo halina makisio ya mtu mwingine. Kama faida baada ya kutenga fedha ya kundi jipya ni ya kweli, panua kwa faida hiyo. Mwombe shemeji naye akuoneshe madaftari ya makundi yake mawili ya mwisho. Kama hana, basi milioni 55 alizozitaja zimetoka kichwani, na hilo ungelijua vipi kabla ya kumwaga zege?

Sharti la fungu hili ni moja: likiisha, limeisha. Usichote kwenye mafungu mawili ya kwanza kuokoa kuku. Andikeni hilo, wewe na mke wako, na akaunti ya mfuko iwe ya majina yenu wawili ili hakuna anayeweza kuhamisha peke yake saa nne usiku baada ya simu ya ndugu.

Nimeacha bima ya afya makusudi niitaje peke yake. Kadi ya kazini inakoma na kazi. Je, ile milioni 1.2 ina bima ndani yake? Kama haimo, iingize leo na uhesabu upya, kwa sababu upasuaji mmoja unaweza kumeza mapato ya hatifungani ya mwaka mzima.

Utasikia pia sauti za watu wanaolipa asilimia 5 kwa mwezi, wengine kwa makundi ya simu. Asilimia 5 kwa mwezi ni zaidi ya 60 kwa mwaka, wakati serikali yenyewe inakopa kwa chini ya theluthi ya hapo. Uliza jina kamili la kampuni, kisha lihakikishe CMSA au Benki Kuu. Anayekuambia leseni iko njiani, mwache nayo njiani.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyamaliza. Kama hukuridhika na jinsi ulivyopunguzwa, au stahiki za notisi, likizo na kiinua mgongo hazilingani na mkataba, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi haraka: malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa ndani ya siku 30. Chukua na hati ya malipo inayoonesha kodi iliyokatwa, mtaalamu wa kodi aitazame, kwa sababu malipo ya mkupuo ndiyo yanayokosewa zaidi kukatwa. NSSF nenda mwenyewe na barua ya kukoma kwa ajira na kitambulisho cha taifa, na uondoke na taarifa ya michango iliyochapishwa. Ukiona miezi pungufu ya 132, mwajiri wako wa zamani bado ana ofisi na ni rahisi kumfuatilia sasa kuliko utakapofika miaka 55. Kwa hatifungani, onana na madalali wawili tofauti, uwaulize wote ada zao na faida mpaka ukomo ya hatifungani ileile, na ulinganishe majibu.